Stendi ya maiki na simu zilizoziba nyuso kwenye picha ya nikaha: dalili, chanzo na tiba

Mteja akileta picha ya nikaha iliyozibwa husema jambo moja tu: niondolee hii simu. Kwake ni kazi moja. Kwa fundi ni mbili, na ugumu wake haulingani. Ya kwanza ni kukitoa kitu kilichoziba, na hiyo siku hizi ni ya dakika chache. Ya pili ni kuweka pale kilichokuwa nyuma yake, na hapo ndipo picha nyingi huharibikia. Nyuma ya stendi ya maiki mara nyingi kuna kanzu, ukuta au zulia, vitu unavyoweza kuvikisia kwa kutazama vilivyo kando yake bila mtu kugundua. Nyuma ya simu iliyoinuliwa kuna uso wa mtu, na uso haukisiwi. Mwenye uso ana mama, ana watoto, na wote watakuja kuitazama picha.

Tuchukue picha moja na tuifuate hadi mwisho. Ni nikaha ndani ya msikiti wa Mji wa Kale, Mombasa. Bwana harusi, kavaa joho na kofia ya vito, ameshikana mkono na wali wa bibi harusi, na sheikh yuko kati yao na maiki yake. Mpiga picha amesimama mita 4 kutoka kwao akiwa na kamera ya megapikseli 24 yenye sensa kubwa, lenzi ya milimita 50, tundu f/2.8, kasi ya shata 1/250, ISO 3200, bila flashi. Stendi ya maiki iko mita 1 mbele ya bwana harusi na nguzo yake inapita juu ya midomo na ndevu zake. Mgeni mmoja wa safu ya mbele, mita 1 tu kutoka kwa kamera, ameinua simu wima, nayo imemfunika wali kuanzia nyusi hadi chini ya kidevu. Na neno "nimekubali" limeshatamkwa. Hakuna sheikh atakayerudia akadi kwa sababu ya mpiga picha.

Ukipima, uso wa mtu mzima katika picha hiyo una urefu wa pikseli 500 hivi. Nguzo ya stendi, yenye unene wa sentimita 2, inakula upana wa pikseli 55, yaani karibu sehemu moja ya sita ya upana wa uso. Simu ina urefu wa pikseli kama 1,250, kwa kuwa iko karibu mno na lenzi. Ndiyo maana simu moja inaweza kumeza kichwa kizima na bado ikabaki na nafasi.

Kabla ya brashi, fungua kadi yote

Tiba ya uso uliozibwa haimo ndani ya picha hiyohiyo. Imo kwenye fremu iliyotangulia au iliyofuata. Kwa hiyo usikubali kuletewa picha moja iliyopitia WhatsApp. Omba kadi nzima ya kamera, au angalau fremu zote za dakika ile.

Sababu ya kuwa na tumaini ni hii. Mpiga picha hasimami kama mlingoti. Anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, anainama, anasogea. Kamera ikisogea kando, vitu vya karibu huhama sana na vya mbali huhama kidogo. Katika picha yetu, kamera ikienda kando sentimita 10 tu, simu iliyo mita 1 mbele yake inahama sentimita 30 ukilinganisha na uso wa wali. Simu hiyo ikiwa wima inaziba upana wa sentimita 30 hivi pale alipo wali, hivyo mwendo mdogo kama huo unatosha kumfungua. Stendi ni ngumu zaidi, kwa sababu iko karibu na bwana harusi kuliko ilivyo karibu na kamera. Kuihamisha sentimita 10 usoni mwake kunahitaji mpiga picha apige hatua fupi ya sentimita 30. Hatua hiyo inabadilisha pembe ya kuutazama uso kwa nyuzi 4 na kitu, tofauti ambayo jicho la kawaida halioni. Hatua kubwa zaidi ya hapo, pua inaanza kukaa mahali pengine juu ya shavu na kazi inageuka kuwa ya mateso.

Tuseme umepata mbili za kukufaa: fremu B, ambamo simu imeshuka na wali anaonekana wote, na fremu C, ambamo mpiga picha alisogea kushoto na nguzo imetoka usoni mwa bwana harusi. Picha kuu tuiite A. Zote tatu zifunguliwe katika faili moja, kila moja kwenye leya yake. Kwenye Photoshop ni `File > Scripts > Load Files into Stack`. Kwenye GIMP ni `File > Open as Layers`. Matatizo yanayofuata huanzia hapo.

Dalili: uso umejaa, lakini watu wa nyumbani hawamtambui

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, na fundi mwenyewe mara nyingi haioni kwa sababu hamjui wali. Ngozi ni safi, macho yapo, midomo ipo. Kisha binti yake anaitazama na kuuliza, huyu ni nani?

Chanzo ni kukiachia kifaa cha kujaza kiamue chenyewe. `Content-Aware Fill` huokota vipande kutoka sehemu nyingine za picha, na ukiiruhusu iokote popote itaweka sikio la jirani kwenye shavu la wali. Vile vinavyobuni picha mpya, kama `Generative Fill`, ni hatari zaidi kwa sababu havikosei waziwazi: vinakupa uso mzuri wa mtu ambaye hajawahi kuwepo. Kwa kanzu na ukuta vitumie ukipenda. Kwa uso, hapana.

Kuna pia wanaochukua nusu ya uso inayoonekana, wakaigeuza na kuibandika upande wa pili. Nyuso za watu hazilingani pande mbili, na mwanga haulingani pia. Jinsi ya kuitambua kazi hiyo ni rahisi: kuza macho utazame zile nukta za mwanga ndani ya mboni. Macho ya kweli yana nukta upande mmoja, kwa sababu yote mawili yanamulikwa na taa zilezile. Ya kugeuzwa yanatazamana, moja kushoto na jingine kulia.

Tiba ni kuchukua kichwa chake mwenyewe kutoka fremu B. Chukua kichwa kizima na kofia yake, hata kama simu ilifunika nusu tu. Kiungo kikipita katikati ya shavu kitaonekana siku moja, picha ikichapishwa kubwa. Kikipita kwenye ukosi wa kanzu na pembeni mwa kofia hakuna atakayekiona, maana pale tayari pana mstari. Tazama pia macho yake yanaelekea wapi. Katika A wali alikuwa akimtazama bwana harusi. Kama katika B anamtazama sheikh, basi hata ukikibandika kichwa kwa ustadi gani, picha itakuwa na mtu anayeangalia pasipohusika. Tafuta fremu nyingine.

Dalili: kichwa kimekaa, lakini kinaelea

Mashine ikipanga leya yenyewe, iwe ni kwa `Edit > Auto-Align Layers` au ile alama ya kupanga unayowekewa wakati wa kufungua faili, inatafuta vitu vingi vinavyofanana na kuvilinganisha. Vingi vya hivyo viko ukutani: mihrabu, nguzo, madirisha. Inapanga ukuta vizuri kabisa, na wali aliye mbele ya ukuta anabaki amesogea. Usiiamini kwa kichwa.

Panga kwa mkono. Weka leya ya B juu ya A na ubadili aina yake ya kuchanganya iwe `Difference`. Sasa vinavyolingana vinakuwa vyeusi, na visivyolingana vinang'aa. Bonyeza `Ctrl+T`, sogeza na uzungushe hadi sehemu za wali zinazoonekana katika fremu zote mbili zizame gizani. Katika A simu haikufika kwenye kofia yake wala mabegani, hivyo tunashika ukingo wa juu wa kofia na mishono ya mabega. Macho hayatusaidii hapa kwa kuwa katika A hayapo. Kwenye GIMP njia ni hiyohiyo, ila kugeuza ni kwa `Unified Transform`.

Ukikuta mabega yamelingana lakini kofia haikubali, maana yake aliinamisha kichwa kati ya fremu hizo mbili. Kuzungusha digrii moja au mbili kunaruhusiwa. Zaidi ya hapo shingo inavunjika, na ni afadhali kuchukua kichwa pamoja na mabega yote kutoka B na kuunganisha chini, kwenye mikunjo ya joho.

Rudisha aina ya kuchanganya iwe `Normal`. Weka maski nyeusi kwa kubonyeza kitufe cha maski huku umeshika `Alt`, kisha ufunue kichwa kwa brashi nyeupe laini. Usifute kitu kwa raba. Maski inarudika, kilichofutwa hakirudi.

Dalili: simu imeondoka, pamebaki ukungu

Kichwa cha wali kiko safi, lakini pembeni yake, juu ya ukuta na bega la sheikh, kuna utando hafifu wa kijivu kama moshi wa udi. Wengi huupaka brashi tena na tena na unazidi kutapakaa.

Chanzo ni kwamba simu haikuwa kwenye fokasi. Kitu kilicho mita 1 wakati lenzi imelenga mita 4 kwa f/2.8 hakina ukingo mkali, kinayeyuka. Katika picha yetu ukingo wa simu umesambaa kwa upana wa pikseli 110 hivi, nusu yake ndani ya simu na nusu nje. Ukichagua simu kwa kufuata pale macho yanapokuambia imeishia, unaacha nje pikseli hamsini na kitu ambazo zimechanganyika na rangi yake. Kisha kifaa cha kujaza kinaokota rangi kutoka hapohapo penye uchafu na kuirudisha ndani.

Kwa hiyo panua uteuzi kabla ya kujaza: `Select > Modify > Expand`, pikseli 60 au 70. Nguzo ya stendi, kwa kuwa iko karibu na fokasi, ina ukingo uliosambaa pikseli 12 au 13 tu, na kupanua kwa 10 kunatosha. Ukitaka kuhakikisha, weka leya ya `Curves` juu ya zote na uikunje kwa ukali mpaka picha iwe ya kutisha. Utando uliokuwa haufichuki utajitokeza wazi. Ukimaliza, ifute hiyo leya.

Dalili: uso wa wali una rangi ya msikiti mwingine

Fremu B ilipigwa sekunde ile ile, mpangilio uleule, na bado uso umetoka mweusi kidogo na wa kibuluu. Fundi anadhani kamera ni mbovu.

Umeme wetu ni wa herzi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Kwa kasi ya 1/250 kila fremu inanasa kipande tu cha mzunguko huo. Moja inapata taa zikiwa juu, nyingine zikiwa zinashuka, na rangi inayumba pamoja na mwanga. Mpiga picha angetumia 1/100 au 1/50, kila fremu ingepata mizunguko kamili na tofauti ingekuwa ndogo. Hilo mwambie kwa ajili ya harusi ijayo. Panapotumika flashi chanzo huwa kingine: fremu ya pili imepigwa kabla flashi haijajaa.

Tiba haihitaji kubahatisha. Tafuta kitu cheupe cha wali kinachoonekana katika fremu zote mbili. Bega la kanzu linafaa. Weka kifaa cha kuchukua rangi kwenye `5 by 5 Average`, maana kwa ISO 3200 pikseli moja pekee haisemi ukweli, na usome namba kwenye paneli ya `Info`. Tuseme A inakupa nyekundu 214, kijani 208, buluu 196, na B inakupa 198, 197, 192. Nyekundu imepungua 16, kijani 11, buluu 4. Weka `Curves` juu ya leya ya B, ibane kwa `Ctrl+Alt+G` ili iguse leya hiyo tu, kisha uinue kila rangi peke yake pale penye ile thamani ya B hadi ifike thamani ya A. Baada ya hapo itazame ngozi. Kama ngozi bado inakataa, pengine wali aliegemea na kutoka kwenye mwanga wa taa moja. Hapo rekebisha kwa jicho, polepole.

Dalili: stendi haipo, lakini kila mtu anajua ilikuwepo

Kwa midomo na ndevu za bwana harusi tunatumia fremu C kwa njia ileile ya wali, ila hapa macho yake yanaonekana katika zote mbili, kwa hiyo panga kwa macho. Kwa kuwa nguzo ilihama zaidi ya pikseli 200, imetoka usoni kabisa, na tunafunua kipande chembamba tu cha C: midomo, kidevu, ndevu. Uso uliobaki unabaki wa A.

Sehemu ya chini ndiyo inayosaliti. Fundi huondoa nguzo na kusahau waya unaoteremka hadi kwenye zulia, miguu mitatu ya stendi, na kivuli chembamba kinachokata kanzu kwa mshazari. Kivuli bila mwenyewe ni jambo ambalo macho ya mtazamaji yanalihisi hata asipoweza kulitaja. Kabla hujaanza, fuata stendi kutoka kichwani hadi sakafuni, kisha fuata kivuli chake hadi kilipoishia.

Kwenye kanzu fanya kazi katika leya tupu, `Clone Stamp` ikiwa kwenye `Current & Below`. Chukua sampuli juu au chini ya nguzo, ukifuata mkunjo unavyoteremka. Ukichukua kutoka kando, mkunjo mmoja unakuwa miwili iliyo pacha, na hilo linaonekana haraka kwenye nguo nyeupe. Badilisha sampuli kila baada ya mipigo michache. `Healing Brush` inafaa katikati ya kitambaa, lakini ukiisogeza karibu na ukingo wa joho jeusi itavuta weusi ndani ya kanzu na kuacha doa la kijivu. Karibu na ukingo rudi kwenye `Clone Stamp`. Nakshi za dhahabu za joho na vitobo vya kofia ya vito usijaribu kuzichora wala kuzijaza. Zina mpangilio, na mama wa Kimombasa aliyeshona kofia ataona ule uliovunjika kabla hajaona uso. Zichukue kutoka fremu C.

Dalili: mkono umeinuliwa na haujashika kitu

Hii inachekesha mpaka uione kwenye albamu. Simu imetolewa, mkono wa mgeni umebaki hewani kama anayeomba kuuliza swali. Ukiondoa simu, ondoa na mkono hadi begani, na kama bega nalo linaacha pengo katikati ya safu, kata picha kutoka chini. Mimi huondoa tu simu inayoziba uso. Zilizo pembeni huziacha: nikaha ya leo ina simu, na picha isiyo na hata moja inaonekana kama imepangwa.

Kwenye kongamano ni hivyohivyo kwa maiki. Msemaji aliyesimama mbele ya hadhira akiwa amefungua mdomo anahitaji maiki yake ionekane. Punguza tu sehemu inayofunika mdomo, kwa fremu jirani. Na kama picha inakwenda gazetini, iache ilivyo. Mashirika ya habari kama Reuters na AP hayaruhusu kuondoa wala kuongeza kitu ndani ya picha.

Kama hakuna fremu jirani hata moja

Kuna mtu mmoja aliyemwona wali bila kuzibwa, naye ni mwenye simu. Simu yake ilikuwa kwenye mstari uleule kati ya lenzi na uso, kwa hiyo pembe yake ni karibu ileile ya kamera. Mtafute kupitia familia, na umwombe faili halisi, atume WhatsApp kama `Document` na si kama video ya kawaida, ambayo hubanwa mpaka ngozi inakuwa vipande vya nta.

Uwezekano wake unategemea ukubwa wa picha ya mwisho. Lenzi ya simu ni pana, na bila kuvuta karibu, uso ulio mita 3 kutoka kwake unapata pikseli 120 hivi kwenye video ya kawaida ya 1080p, na kama 240 kwenye 4K au picha tuli. Wetu unahitaji 500. Kwa picha ya kuchapisha yenye upana wa sentimita 15, uso wa wali utashuka hadi pikseli 150 hivi, hivyo 4K inatosha bila wasiwasi na 1080p inakaribia. Kwa picha ya kutundikwa ukutani, uso uliokuzwa mara mbili utaonekana laini kati ya nyuso kali, hata ukiuongezea chembe kwa `Filter > Noise > Add Noise` ukiwa umeweka `Monochromatic`. Hapo mpe familia chaguo mbili: A kwa ukubwa mdogo, au fremu ya sekunde chache baadaye ambamo mikono bado imeshikana na wali anaonekana, hata kama neno lenyewe limeshapita. Picha za kupamba, ambako kina mama wako bila buibui, usiombe faili kwa mgeni yeyote wala usizipandishe kwenye tovuti ya kusafishia picha. Kazi hiyo ifanyike kwenye kompyuta isiyo na mtandao, na kama fremu jirani haipo, simu ibaki pale ilipo.